Kikomo cha Nani?

Mhasibu wa hospitali hakupaza sauti. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wetu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: salio la kulazwa, sifuri. Shemeji yangu alikuwa na siku ya kumi na moja wodini, hapa Mombasa, na bima aliyoinunua miezi minane nyuma ilikuwa imeishia siku ya tisa. Zile siku mbili, na zote zilizobaki mbele, zilikuwa juu yetu. Usiku huo huo kundi la Wasap la ukoo lilifunguliwa, mama mdogo akafanywa mweka hazina, na kwa wiki nzima tulichangishana fedha za kitu ambacho wote tuliamini kimeshalipiwa.

Mgonjwa alipona. Aliporudi nyumbani nilimwomba hati yake ya bima nikaisoma yote. Sikukuta udanganyifu. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa ukurasa wa tatu, kwenye jedwali la mafao. Shida ni kwamba jedwali lile lina namba za aina tatu zinazofanana sura, na anayenunua bima kwa mara ya kwanza huziona zote kuwa kitu kimoja, yaani fedha. Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi nchi nyingine zinavyozipanga namba hizo tatu. Nimeona kwamba kinachotofautisha desturi moja na nyingine si ukubwa wa namba, bali ni mahali kikomo kinapoangukia: kwa kampuni, au kwa mgonjwa.

Tuanze na namba zenyewe, kwa utaratibu ambao bili hukutana nazo.

Ya kwanza ni ile ambayo wenye magari wanaijua kwa jina la ekses. Gari likigongwa, unalipa wewe kwanza kiasi fulani, ndipo kampuni inaingia. Katika bima ya afya ni vivyo hivyo: ni kiasi cha awali ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kabla bima haijatoa hata senti. Bili ikiwa ndogo kuliko ekses, bima haihusiki kabisa. Ya pili ni uchangiaji, ambao Nairobi huitwa ko-pei. Huu ni ule mgawo ambao mgonjwa hulipa pamoja na bima, bega kwa bega, kila anapotibiwa. Unaweza kuwa kiasi kisichobadilika, kama shilingi elfu moja kila unapofika kwa daktari, au unaweza kuwa asilimia ya bili. Usizichanganye aina hizi mbili. Shilingi elfu moja hubaki elfu moja hata dawa zikiwa ghali namna gani, lakini asilimia kumi hukua kila bili inapokua. Ya tatu ni kikomo, au limiti: fedha za juu kabisa ambazo kampuni itatoa, kwa kawaida kwa mwaka mmoja wa mkataba. Zikiisha, kampuni inatoka na mgonjwa anabaki peke yake na kaunta.

Kwa hiyo ekses iko chini ya bili, uchangiaji uko katikati, na kikomo kiko juu. Ukitaka kujua bima yako ni ya namna gani, usiulize tu ada ni kiasi gani. Uliza ni nani anayebeba kila tabaka.

Tuchukue mfano, na tuufuate mpaka mwisho. Fundi cherehani wa Likoni ana hati mbili mezani. Hati ya kwanza haina ekses, inamtaka achangie shilingi 1,000 kila anapokwenda kliniki, haidai mchango wowote akilazwa, na kikomo chake cha kulazwa ni shilingi 500,000 za Kenya. Hati ya pili ina ekses ya 40,000 kwa mwaka, inayohesabu kliniki na kulazwa pamoja, uchangiaji wa asilimia 10, na kikomo cha 2,000,000. Tuchukulie kwamba ada zao zinakaribiana.

Mwaka wa kwanza unapita kwa amani. Fundi anakwenda kliniki mara tatu, kila mara bili ni 4,000. Kwa hati ya kwanza ametoa mfukoni 3,000 tu. Kwa hati ya pili angetoa zote 12,000, maana ekses haijaisha, na angesema kwa uchungu kwamba bima yake haijamsaidia chochote. Watu wengi hubadilisha hati baada ya mwaka wa namna hii. Nawaelewa.

Mwaka wa pili, kabla hajakanyaga kliniki hata mara moja, kidole tumbo kinapasuka. Usaha unaenea tumboni, anapasuliwa mara mbili, anakaa siku nne chumba cha wagonjwa mahututi, kisha wiki mbili wodini. Bili ni 820,000. Hati ya kwanza inalipa 500,000 na kusimama. Fundi anadaiwa 320,000. Hati ya pili inaanza kwa kumwachia 40,000 za ekses. Zinabaki 780,000, na asilimia 10 yake ni 78,000. Jumla anatoa 118,000, na bima inalipa 702,000. Ukipiga hesabu ya bili za kulazwa peke yake, hati hizi mbili zinakutana kwenye bili ya karibu 596,000. Chini ya hapo hati ya kwanza ndiyo nafuu. Juu ya hapo hati ya pili inamwokoa, na kadiri bili inavyopanda ndivyo tofauti inavyozidi kupanuka, mpaka hati ya pili nayo ifikie kikomo chake.

Mwaka 1963 mwanauchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika makala kuhusu jambo hili ambayo wanafunzi wa uchumi wa afya wanaisoma mpaka leo. Hoja yake moja, ikiondolewa hisabati, ni hii: kwa kuwa kampuni lazima iongeze gharama zake na faida juu ya kila shilingi inayorudisha, haimfai mnunuzi kuilipa ili imlipie vitu vidogo. Mkataba unaomfaa ni ule unaomwachia mgonjwa kiasi cha awali, halafu ukalipa kila kitu kilicho juu yake. Yaani sakafu iwe ya mgonjwa na dari isiwepo. Sasa tazama hati ya kwanza ya fundi wetu, ambayo ndiyo sura ya hati nyingi za binafsi zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam: haina sakafu, ina dari. Imekichukua kile ambacho familia ingekimudu, imeiachia familia kile ambacho haiwezi.

Kati ya nchi nilizozisoma, iliyokaribia zaidi mkataba wa Arrow ni Uswisi. Chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1996, kila mkazi lazima anunue bima ya msingi, na mafao yake ni yale yale katika kila kampuni. Mtu mzima anachagua ekses mwenyewe, kuanzia franki 300 hadi franki 2,500 kwa mwaka. Anayechagua ya juu hulipa ada ndogo kila mwezi. Baada ya ekses, anachangia asilimia 10 ya bili, lakini mchango huo unasimama ukifika franki 700 kwa mwaka kwa mtu mzima. Hapo ndipo ilipo siri yao. Mtu mwenye ekses ya 300 akipata bili ya matibabu ya franki 10,000, anatoa 300, halafu asilimia 10 ya 9,700 ingekuwa 970, ila inakatwa kwenye 700. Ametoa 1,000. Bili ikiwa franki 100,000, ametoa 1,000 vile vile, ukiacha franki 15 anazotozwa kwa kila siku ya hospitali. Kampuni haina kikomo cha fedha ambacho ikikifikia inaondoka. Mwenye kikomo ni mgonjwa. Na kujifungua kumeondolewa kwenye hesabu yote hii: mzazi hatozwi ekses wala mchango.

Nilipoisoma mara ya kwanza, neno lile lile kikomo lilinipa taabu, kwa sababu kwetu ukisikia kikomo unajua habari ni mbaya. Kwao ni habari njema. Ni namba ile ile ya juu kwenye jedwali, imegeuzwa uso.

Marekani imepita pande zote mbili, na ndugu zetu walioko kule wanazijua hadithi. Kwa miaka mingi hati nyingi za huko zilikuwa na ekses, uchangiaji na kikomo vyote kwa pamoja, tena kikomo cha maisha yote: mgonjwa wa saratani au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aliweza kukimaliza na asipate tena. Sheria ya mwaka 2010 iliyotiwa saini na Rais Obama ilipiga marufuku vikomo vya mwaka na vya maisha kwa mafao ya msingi, na ikaweka dari upande wa mgonjwa. Mwaka 2025 dari hiyo ilikuwa dola 9,200 kwa mtu mmoja katika mipango inayofuata sheria hiyo. Ni fedha nyingi, na ekses za huko ni kubwa kiasi cha kumzuia mtu asiende hospitali. Tena dari inahesabu matibabu ya hospitali zilizomo kwenye orodha ya kampuni tu. Ukitibiwa nje ya orodha kwa hiari yako, huenda fedha zako zisihesabiwe. Hata hivyo, mwelekeo umegeuka: kinachopimwa mwisho si uvumilivu wa kampuni bali uwezo wa mgonjwa.

Wajerumani, ambao bima yao ya lazima kwa wafanyakazi ilianza mwaka 1883 chini ya Bismarck, wamepima uwezo huo kwa uwazi zaidi. Michango ya mgonjwa katika bima ya umma ni midogo: kama euro 10 kwa siku ya hospitali, isiyozidi siku 28 kwa mwaka. Na ikifika asilimia 2 ya kipato cha kaya, au asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu, anaomba asitozwe tena mwaka huo. Dari haifanani kwa tajiri na maskini. Naliona jambo hili kuwa la haki kuliko yote niliyoyasoma, ingawa linahitaji serikali inayojua kipato cha kila kaya, na huko sisi bado hatujafika.

Kwa nini basi tusiige tu Uswisi? Hapa lazima nimtendee haki yule aliyeandika hati ya kwanza. Ekses inamfaa mtu mwenye akiba. Kwa asiye nayo, ekses ya 40,000 si sakafu, ni ukuta. Marekani waliipima hoja hii kwa jaribio kubwa lililoongozwa na taasisi ya RAND kati ya miaka ya 1974 na 1982: familia ziligawiwa kwa bahati nasibu mipango tofauti, wengine wakitibiwa bure, wengine wakichangia mpaka asilimia 95 hadi kufikia dari. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache zaidi. Lakini walipunguza matibabu ya lazima sawasawa na yasiyo ya lazima, kwa kuwa mgonjwa hajui maumivu yapi ni ya kupita na yapi ni ya hatari. Na miongoni mwa maskini wenye shinikizo la damu, waliotibiwa bure walidhibitiwa presha vizuri zaidi. Sisi tulilijua hilo bila jaribio. Kenya ilianza kuchangisha wagonjwa katika hospitali za serikali mwaka 1989, ikasitisha ada za wagonjwa wa nje mwaka uliofuata, kisha ikazirudisha hatua kwa hatua. Tanzania ikaanza uchangiaji wake mwaka 1993. Neno uchangiaji likapata ladha chungu ambayo halijaipoteza.

Rwanda ilichagua njia ya tatu. Katika bima yao ya jamii, ile inayoitwa mituweli, mageuzi ya mwaka 2011 yaliweka mchango wa faranga 200 za Rwanda kwenye kituo cha afya, na asilimia 10 ya bili hospitalini. Walio maskini kabisa hawakutozwa. Hakuna ekses. Mchango ni mdogo sana mlangoni, pale ambapo homa ya mtoto inaanzia, na unakuwa mkubwa kidogo kadiri unavyopanda ngazi. Unamwongoza mgonjwa aanzie karibu na kwake, haumfukuzi.

Tanzania ina desturi nyingine, na hapa ndipo mgeni wa bima anaweza kudanganyika zaidi. Mwanachama wa NHIF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hakuzoea kuona kikomo cha shilingi kwenye kadi yake kama yule wa bima binafsi ya Nairobi. Kikomo kipo, lakini kimekaa kwenye kitita: orodha ya huduma na dawa, na bei ambayo mfuko uko tayari kuilipa hospitali kwa kila moja. Dawa isiyomo, unanunua. Na bei ikiwa ndogo kuliko hospitali inavyotaka, mvutano unatokea nje ya macho ya mgonjwa mpaka siku unapomfikia. Machi 2024 kitita kipya kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kuacha kuwahudumia wanachama kwa sababu ya bei hizo. Mtu alikuwa na kadi hai mkononi, na kikomo kimemkuta mlangoni.

Kenya nayo, katika sheria yake ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 iliyozaa SHA, imeunda mifuko mitatu, na mfuko wa tatu umewekwa kwa dharura na magonjwa sugu na mazito, uingie pale ambapo mafao ya bima ya jamii yamekwisha. Bila kujali unavyofanya kazi leo, kuwepo kwake kwenye sheria ni kukiri jambo moja: tabaka la juu halikuwa na mwenyewe. Lilikuwa la harambee. Mombasa, Moshi, Bukavu, mahali popote penye watu wetu, bili kubwa siku zote imebebwa na ukoo, jumuiya, msikiti na kanisa. Ndiyo maana, nadhani, hati isiyo na sakafu na yenye dari haikutushangaza. Iliingia mahali penye bima nyingine ya zamani, isiyoandikwa, iliyokuwa tayari juu yake. Lakini mchango wa ukoo una kikomo chake pia, na nilikiona wiki ile: siku ya tano ujumbe ulikuwa haujibiwi.

Kwa hiyo ukipewa hati yako ya kwanza, nenda kwenye jedwali la mafao na usome kutoka juu kwenda chini, sio kinyume chake. Anza na kikomo cha kulazwa, na tafuta maneno mawili yanayokifuata. Kama ni "kwa familia", basi ninyi watano mnakula sahani moja, na mtoto akilazwa Februari, baba anabaki na makombo Septemba. Kama ni "kwa mtu", kila mmoja ana yake. Kisha tafuta vikomo vidogo vilivyo ndani ya kile kikubwa, hasa vya uzazi, saratani, na ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga. Hati inaweza kutangaza milioni tatu mbele, na ndani ikaruhusu 150,000 tu za kujifungua kwa upasuaji. Namba inayokuhusu ni ile ndogo.

Kwenye ekses, uliza kama ni ya mwaka au ya kila ugonjwa. Ile ya mwaka unaimaliza mara moja. Ile ya kila ugonjwa inaanza upya kila unapolazwa, na mtu aliyelazwa mara tatu atailipa mara tatu. Uliza pia kama fedha ulizotoa kliniki zinahesabiwa humo. Mfano wetu wa fundi ulichukulia kwamba zinahesabiwa, na hati nyingine hazihesabu. Kwenye uchangiaji wa asilimia, swali ni moja: unasimama wapi? Kama hakuna mahali umeandikiwa kusimama, chukua bili kubwa unayoiogopa, itoe asilimia yake, uone kama unaweza kuishi nayo. Na ekses usichague kwa kutazama punguzo la ada. Chagua kiasi ambacho ungeweza kukiweka kaunta kesho asubuhi bila kukopa.

Shemeji yangu hakuhama kampuni, kwa sababu kampuni mpya ingemhesabia ugonjwa wake kuwa wa zamani. Alibaki, akaacha sehemu ya wagonjwa wa nje, akaitumia fedha hiyo kupandisha kikomo cha kulazwa hadi milioni mbili na kukubali ekses ya 30,000. Kwa ugonjwa uliomlaza, kiwango kipya kilianza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja; hilo alilisoma mwenyewe kabla ya kutia saini, akaliuliza kwa simu, akaliuliza tena kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Elfu thelathini anaziweka kwenye chama chao cha akiba, kwa jina la mkewe. Na kwenye ukurasa wa tatu wa hati mpya, kando ya namba ya juu kabisa, ameandika kwa kalamu ya bluu: kwa mtu, kwa mwaka, uzazi umo ndani, salio liulizwe kila siku ya tatu ya kulazwa.